Nilimwondoa kwenye akaunti iliyofungwa, amerudi bila kubisha hodi. Kuondoa mfuasi na kumpiga bloku vinatofautiana wapi hasa?

TausiWaJioni

Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada, jambo hili limeninyima raha wiki nzima.

Nina akaunti ya Instagram niliyoifunga iwe ya faragha. Wafuasi wangu hawafiki 200, karibu wote ni ndugu na watu niliosoma nao. Miezi 3 iliyopita niligombana na rafiki yangu wa siku nyingi. Sikutaka vita. Nikaingia kwenye orodha ya wafuasi, nikatafuta jina lake, nikabonyeza Remove, basi. Sikumpiga bloku kwa sababu marafiki zetu ni walewale, nikajua bloku itaitishiwa kikao.

Mwanzoni kila kitu kilikuwa sawa. Baada ya kama wiki 2 nikaona ametuma ombi la kunifuata, nikalifuta. Nikajua yamekwisha.

Juzi nimeweka stori ya mwanangu akiwa anaumwa. Nikaangalia walioiona, jina lake limo. Nikarudi kwenye orodha ya wafuasi, yumo, kana kwamba hakuwahi kutoka. Sijakubali ombi lake lolote, na simu yangu haishikwi na mtu. Halafu kipindi chote hicho ujumbe wake ulikuwa ukiniingilia inboksi kama zamani.

Sasa nauliza: kuondoa mfuasi ni kwa muda tu? Au kuna kitu nilikosea? Na ningempiga bloku, nini kingekuwa tofauti?

Bahari Tulivu

Pole sana dada, na mtoto apone haraka.

Kwa ninavyojua mimi, kuondoa na kubloku kwenye akaunti iliyofungwa matokeo yake ni yaleyale: haoni posti, haoni stori. Tofauti ni kwamba kuondoa ni kwa kistaarabu, mwenzako hapati taarifa. Bloku anapata taarifa, ndiyo maana watu hukasirika. Kwa hiyo hukukosea, labda programu tu ilipitiwa.

Mzee wa Nyaya

Bahari Tulivu, hapo umepata nusu. Ni kweli kwamba aliyeondolewa hapewi taarifa. Ila hata aliyepigwa bloku hapewi taarifa. Hakuna ujumbe unaomfikia ukisema fulani amekuzuia. Anagundua mwenyewe, na namna ya kugundua ndiyo inatofautiana sana, nitairudia.

Hilo la kwamba matokeo ni yaleyale ndilo lililomponza Tausi. Ni yaleyale siku ile tu, na kwa muda ambao kufuli limefungwa.

Tausi, kabla sijasema mengi, nina swali moja. Katika miezi hiyo 3, akaunti yako iliwahi kuwa wazi, hata kwa saa chache?

TausiWaJioni

Asante Bahari, mtoto anaendelea vizuri.

Mzee wa Nyaya, hapana, sijawahi kuifungua. Imefungwa tangu nilipojifungua.

Nyota ya Saba

Mimi nakushauri uache kabisa kumfuata. Mimi niliacha kumfuata mtu wangu wa zamani mwaka jana, sioni tena picha zake na moyo umetulia. Bonyeza pale kwenye jina lake, chagua Unfollow, utalala usingizi.

Mzee wa Nyaya

Nyota, hilo ni la upande mwingine. Ukiacha kumfuata, wewe ndiye unayeacha kuona vya kwake. Yeye anaendelea kuona vyako. Tausi anataka kinyume chake.

Lakini umenikumbusha kitu. Tausi, ulipomwondoa, wewe uliacha kumfuata?

TausiWaJioni

Sikuacha. Nilidhani ukimwondoa mtu uhusiano unakatika pande zote mbili. Nimeangalia sasa hivi, kumbe bado namfuata. Na stori zake huwa zinajitokeza juu pale, nyingine naziona bila kukusudia. Ina maana naye anaona kwamba nimeziangalia?

Mzee wa Nyaya

Ndiyo, anaona. Jina lako linatokea kwenye orodha ya walioangalia, kama la mfuasi mwingine yeyote.

Ngoja nieleze taratibu, maana hapa ndipo penye kiini cha swali lako.

Kufuatana ni kamba mbili, si moja. Kuna kamba ya yeye kukufuata na kamba ya wewe kumfuata. Remove inakata ile ya kwake tu. Ya kwako haiguswi. Bloku inakata zote mbili kwa pamoja, na siku ukiiondoa bloku kamba hazirudi zenyewe, kila mmoja aanze upya.

La pili, Remove haimkatazi kitu chochote baadaye. Inamrudisha alipokuwa kabla hujamkubali, yaani mtu baki aliyesimama nje ya mlango uliofungwa. Mtu baki anaweza kulitafuta jina lako akalipata. Anaona picha yako ndogo ya utambulisho, maelezo yako mafupi, na idadi ya posti na wafuasi. Anaweza kutuma ombi. Ukilifuta, anaweza kutuma tena kesho. Kila ombi linakuja na vitufe 2 vilivyokaa ubavu kwa ubavu, Confirm na Delete, na siku kidole kikiteleza ameshaingia.

La tatu, inboksi haiguswi kabisa. Mazungumzo yenu ya zamani yako palepale na mlango wa kuandikiana uko wazi. Ndiyo maana ujumbe uliendelea kuingia. Bloku ndiyo inayoufunga mlango huo. Atakachoandika hakikufikii, na hata ukija kuondoa bloku, vile alivyoandika katikati havitakuja.

Kwa hiyo mtu uliyemwondoa anazuiwa na kufuli la akaunti, hazuiwi na wewe. Siku kufuli likifunguliwa, hata kwa dakika 10, hakuna kilichobaki cha kumzuia. Akibonyeza Follow anaingia moja kwa moja bila ombi. Na ukifunga tena, kufuli haliwafukuzi waliokwisha ingia, linawazuia wapya tu. Aliyepigwa bloku hata ukiifungua akaunti yako kwa ulimwengu mzima, bado kwa akaunti ile hakuoni.

Ndiyo maana nang'ang'ania swali langu. Fikiria tena. Hujawahi kubadilisha aina ya akaunti? Kujaribu akaunti ya biashara, kwa mfano?

Shangazi Pacha

Wakati dada yetu anakumbuka, na mimi niseme langu, kwa sababu kuna gharama ya bloku ambayo sijaona mtu akiitaja.

Mwaka juzi niligombana na mdogo wangu wa kike. Usiku ule kwa hasira nikampiga bloku. Asubuhi hasira zimeisha, nikaitoa. Nikamtumia ombi, akanitumia ombi, tukakubaliana, tukacheka. Baada ya wiki naangalia picha za siku niliyojifungua mapacha. Mdogo wangu alikuwa mtu wa kwanza kuandika pale, maneno marefu, alitaja hadi jina la marehemu mama yetu. Hayapo. Nikaangalia picha nyingine, komenti zake zote zimefutika, na laiki zake zote. Nilidhani amezifuta yeye. Nikamuuliza, akadhani nimezifuta mimi. Tukakaribia kugombana upya.

Kumbe ni bloku. Ukimzuia mtu, alichoandika na alichopenda kwenye picha zako vinaondolewa, na ukimwachia havirudi. Bloku yangu ilidumu saa 7 tu, lakini yale maneno sina tena na siyakumbuki neno kwa neno.

Kuondoa mfuasi hakufanyi hivyo. Komenti zake za zamani zinabaki kwenye picha. Kwa hiyo Tausi, kama huyo rafiki aliwahi kukuandikia kitu unachokithamini, kipige skrinishoti kwanza.

TausiWaJioni

Shangazi, pole sana. Umenigusa, kwa sababu huyu mtu alikuwepo kwenye kila jambo langu. Kuna picha ya mwanangu siku ya kwanza, yeye ndiye aliyeipiga, na komenti yake iko juu kabisa.

Mzee wa Nyaya, nimekumbuka. Kama wiki 5 zilizopita nilitaka kujua posti zangu zinaonwa na watu wangapi, nikashauriwa nigeuze iwe akaunti ya kitaalamu ili nione takwimu. Niligeuza siku ya Ijumaa jioni. Jumapili nikaona haina faida kwangu, nikarudisha ya kawaida na kufunga. Sikuhesabu kama nimefungua kwa sababu sikugusa ile sehemu ya faragha.

Mzee wa Nyaya

Ndiyo hapo. Akaunti ya kitaalamu kwenye Instagram haiwezi kuwa ya faragha. Ukigeuza tu, inakuwa wazi. Ulikaa wazi tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili.

Twende hatua kwa hatua. Ulimwondoa, akawa mtu baki. Akatuma ombi, ukalifuta, akabaki mtu baki. Ijumaa kufuli likafunguka. Wakati wowote kati ya hapo na Jumapili alipita kwenye ukurasa wako, akaona picha zote, akabonyeza Follow, akawa mfuasi papo hapo. Hukuona ombi kwa sababu halikuwepo. Taarifa ya mfuasi mpya huenda ilikuja ikapotea katikati ya nyingine. Jumapili ukafunga, naye akabaki ndani. Tangu siku hiyo anaona kila kitu kihalali kabisa, kwa mujibu wa programu.

Kwa hiyo Remove haikuisha muda wake wala haikuharibika. Ilifanya kazi yake yote siku ile ile uliyoibonyeza, na haina kazi nyingine baada ya hapo. Haiachi alama popote kwamba huyu mtu humtaki.

Bahari Tulivu

Nimeelewa, na nakubali nilikosea. Nilikuwa nachukulia kama orodha ya waliokatazwa, kumbe bloku tu ndiyo yenye orodha.

Ila bado nasema kwa mtu mnayeishi naye kwenye kundi moja la marafiki, bloku ni kali mno. Kuna siku atauliza watu, na wewe utaulizwa.

Mzee wa Nyaya

Umeiweka vizuri kuliko mimi. Bloku ina orodha, unaweza kuifungua kwenye mipangilio ukawaona wote. Waliowahi kuondolewa hawana orodha popote. Ukisahau umesahau.

Msafiri wa Pwani

Naomba niongee kama mtu aliyewahi kufanyiwa yote mawili, maana wengi hapa mnaongea kwa upande wa mwenye akaunti.

Kuondolewa niligundua baada ya miezi. Niliona tu kwamba mtu fulani siku hizi haposti. Nilipofungua ukurasa wake nikakuta kufuli na maneno kwamba akaunti ni ya faragha, na kitufe kinasema Follow wakati nilikuwa namfuata miaka yote. Nilidhani nilibonyeza kwa bahati mbaya nikaacha kumfuata mwenyewe. Nikatuma ombi, akalikubali, akaniambia alikuwa anapunguza watu asiowasiliana nao, hakuwa na neno na mimi. Tukaendelea.

Kupigwa bloku niligundua siku hiyo hiyo. Nilitafuta jina, halipo. Nikaingia kwa kiungo cha zamani nilichokuwa nimetumiwa, ukurasa ukasema haupatikani. Nikawaza labda ameifuta akaunti. Nikamuomba kaka yangu atafute kwa simu yake, jina likaja mara moja. Hapo hakuna cha kujiuliza. Iliniuma, sitaki kudanganya. Kuondolewa kunaweza kueleweka kwa namna nyingi. Bloku, ukishaithibitisha, inaeleweka kwa namna moja tu.

Kwa hiyo Bahari ana hoja. Na Tausi, huyo mtu alituma ombi ulipomwondoa mara ya kwanza. Maana yake aliona, na alijua si bahati mbaya pale ombi lilipofutika. Akija kuingia wakati mlango umeachwa wazi, alikuwa anajua anachofanya.

TausiWaJioni

Hili sikulifikiria. Alijua.

kalamu_nyekundu

Samahani kuuliza pembeni kidogo, hii inahusu Instagram tu? Mimi niko zaidi kule X na posti zangu nimezifungia.

Mzee wa Nyaya

Wazo la kufuli ni lilelile, ila bloku ya kule imebadilika tabia. Zamani X haikuwa hata na kitufe cha kuondoa mfuasi. Watu walikuwa wanampiga mtu bloku kisha wanamwachia papo hapo, ili ile kamba ya kufuata ikatike. Kitufe rasmi kilikuja Oktoba 2021.

Halafu mwishoni mwa 2024 wakabadilisha bloku yenyewe. Sasa uliyempiga bloku bado anaweza kusoma posti zako kama akaunti yako iko wazi, asichoweza ni kujibu, kupenda au kukufuata. Kwa hiyo kule, kinachoficha maneno yako ni kufuli, na bloku inazuia mtu kukugusa tu. Kama posti zako umezifungia, aliyeondolewa na aliyepigwa bloku wote hawasomi. Ukizifungulia, wote wawili wanasoma. Tofauti inayobaki ni kwamba yule wa kwanza anaweza kukujibu na kukufuata upya.

Mtu aliyezoea bloku ya Instagram akihamia kule na akaunti iliyo wazi anaweza kuumia vibaya, anadhani amejificha kumbe anasomwa.

kalamu_nyekundu

Aisee. Nilikuwa na mpango wa kufungua posti zangu mwezi ujao nikitegemea bloku. Nitafikiria upya. Shukrani mkuu.

Nyota ya Saba

Narudi, safari hii nimesoma vizuri swali.

Yangu mimi ilinifundisha kwamba hata bloku ina mwisho. Yule mtu wangu nilimpiga bloku kweli, na nilichagua lile chaguo la kuzuia na akaunti zake nyingine na atakazofungua. Bado alikuwa anajua nimevaa nini kwenye sherehe. Alikuwa anaangalia kwa simu ya binamu yake, ambaye ni mfuasi wangu halali. Nilipomwondoa binamu, nikaonekana mimi ndiye mwenye roho mbaya kwa familia nzima.

Sasa Mzee wa Nyaya, hapo bloku inasaidia nini?

Mzee wa Nyaya

Hapo haisaidii, Nyota. Lile chaguo linajaribu kukamata akaunti za mtu yuleyule. Haliwezi kujua kwamba binamu amemkabidhi simu. Akaunti iliyofungwa ina usalama sawa na mfuasi wako mwenye mdomo mwepesi kuliko wote. Sina dawa ya hilo.

Kitu kingine kiko hivyohivyo. Ukiandika komenti kwenye ukurasa ulio wazi wa mtu mwingine, kufuli lako halifuati ile komenti. Uliyemwondoa ataisoma kama kila mtu.

Shangazi Pacha

Kuna ile ya Restrict. Mwanangu mkubwa alinionyesha. Mtu hajui chochote, lakini komenti zake anaziona yeye mwenyewe tu mpaka uzikubali. Kwa nini tusimshauri Tausi atumie hiyo aache mengine yote?

Mzee wa Nyaya

Shangazi, ni kitu kizuri, ila peke yake haimfai kwa hili. Mfuasi uliyemwekea Restrict bado anaona posti na stori zako zote. Inapunguza sauti yake, haimfumbi macho.

Inafaa ikienda pamoja na kuondoa. Ukimwondoa, haoni. Ukimwekea Restrict, ujumbe wake unahamia kwenye sehemu ya maombi ya ujumbe, haoni kama umesoma wala kama uko hewani. Vyote viwili kwa pamoja vinakaribia bloku bila ile dalili ya jina kupotea kwenye utafutaji, na komenti za zamani zinabaki. Kinachokosekana ni kimoja tu, ila ni kikubwa: siku ukifungua akaunti, yumo ndani.

Kwa hiyo Tausi, mimi ningejiuliza swali moja. Je, kuna siku utaifungua tena hiyo akaunti? Kama jibu ni hapana kabisa, Remove pamoja na Restrict vinatosha. Kama kuna uwezekano hata mdogo, piga bloku kabla ya kufungua.

Msafiri wa Pwani

Mimi hapo napishana nawe kidogo Mzee. Umesema vizuri kuhusu programu, lakini mtu huyu alifutiwa ombi, akangoja, akaingia kimya, akaangalia stori za mtoto mgonjwa bila hata kuuliza hali. Mimi ningepiga bloku leo. Kikao kiitwe tu.

Bahari Tulivu

Huenda aliingia kwa sababu anamkumbuka rafiki yake na hajui aanze vipi. Hatujui ujumbe aliotuma ulisema nini.

TausiWaJioni

Ujumbe ulikuwa salamu tu. "Mambo, uko poa?" Mara 4. Sikujibu hata mmoja.

Nimefanya hivi jioni ya leo. Nimepiga skrinishoti ile komenti ya siku ya kwanza ya mwanangu, pamoja na nyingine 3. Nimemwondoa upya. Nimeacha kumfuata, hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kubonyeza. Nimemwekea Restrict. Bloku nimeiacha kwanza, nimejiwekea kwamba nikiona ombi jipya kutoka kwake, napiga bloku bila kufikiria mara mbili.

Swali dogo: sisi wawili bado tuko kwenye kundi moja la mazungumzo la watu 9 humo humo. Nikija kumpiga bloku, kundi linakuwaje?

Mzee wa Nyaya

Umefanya kazi nzuri. Kundi halivunjiki. Utaulizwa kama unataka kubaki au kutoka, kwa sababu kuna mtu uliyemzuia ndani. Ukibaki, mle ndani mtaendelea kusomana. Bloku haipangui kundi la watu wengine.

Jambo moja zaidi la kufanya usiku huu. Kama yeye aliingia zile siku 2, wengine nao wangeweza kuingia. Pitia orodha ya wafuasi jina kwa jina. Hawafiki 200, ni kazi ya robo saa.

TausiWaJioni

Nimepitia. Wafuasi 187. Kuna 6 nisiowafahamu kabisa, na nina hakika sikuwakubali. Watano wanaonekana ni kurasa za kuuza vitu, nimewaondoa.

Wa sita hana picha, hana posti hata moja, anafuata watu 11. Katika hao 11, 8 ni marafiki wetu sote wawili, mimi na huyo rafiki yangu. Jina ni herufi tupu na tarakimu.

Huyu nimwondoe au nimpige bloku?

Nyota ya Saba

Bloku. Huyo ni yeye.

Bahari Tulivu

Au ni mtu mwingine wa kundi lenu aliyefungua akaunti mpya hajaijaza. Muulizeni kundini kwanza.

Mzee wa Nyaya

Kwa kuangalia ukurasa tu huwezi kujua ni nani, nami sitajifanya najua. Akaunti hiyo haina komenti wala laiki kwako, kwa hiyo bloku haitakugharimu chochote kati ya vile alivyopoteza Shangazi. Ukimwondoa tu, atakayetuma ombi upya utamwona, na mtu mwema kwa kawaida atajitambulisha.

Usiulize kundini, Tausi. Kama ni yeye, yumo humo anasoma.

TausiWaJioni

Nimemwondoa. Nasubiri nione kama ombi litakuja.